UCHAMBUZI: Kosa la ‘mara nane’ na safari ya msimbo kutoka kwa mwandishi hadi Bomas

WAKENYA watakapokwenda debeni Agosti 2027, macho ya wengi yataelekezwa kwa wawaniaji, miungano ya vyama na ubabe wa ngome. Ni wachache watakaojiuliza swali ambalo huenda likawa na uzito kuliko mikutano yote ya hadhara: je, programu itakayobeba matokeo kutoka kituoni Suna hadi ukumbi wa kitaifa wa kujumlisha kura imepitia mikono ya nani, imejaribiwa kwa tarakimu zipi, na ikienda mrama itarudishwa vipi ilikotoka?

Swali hili si la wataalamu wa tarakilishi pekee. Taifa hili limewahi kuonja machungu yake.

Itakumbukwa kwamba katika uchaguzi mkuu wa Machi 4, 2013, matokeo ya awali yaliyokuwa yakimiminika kwenye skrini za Bomas of Kenya yalionyesha jambo lililowashangaza wengi. Idadi ya kura zilizokataliwa ilipanda hadi ikapita 300,000 ilhali vituo vingi vilikuwa havijatuma matokeo. Wanasiasa walianza kuhojiana. Wapo waliodai wapigakura hawakufunzwa vya kutosha, maadamu walikuwa wakipiga kura 6 kwa siku moja kwa mara ya kwanza. Wengine walinusa njama.

Siku chache baadaye, Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) ilitoa maelezo. Hapakuwa na wapigakura wengi kiasi hicho waliokosea. Kosa lilikuwa ndani ya programu: kila kura iliyokataliwa ilikuwa ikizidishwa mara 8. Tume ilikuwa tayari imeachana na matokeo ya kielektroniki na kuwaagiza wasimamizi wa maeneo bunge wafike Nairobi wenyewe, wakiwa na fomu zao mikononi. Matokeo ya mwisho yalipotangazwa Machi 9, kura zilizokataliwa zilikuwa 108,975.

Ili msomaji aone uzito wa kosa hilo, yafaa tupige hesabu. Bw Uhuru Kenyatta alitangazwa kupata kura 6,173,433 kati ya jumla ya kura 12,330,028, zile zilizokataliwa zikiwa zimejumuishwa. Hiyo ni asilimia 50.07, yaani alipita nusu kwa kura 8,000 na ushei. Sasa chukua zile kura 108,975 uzizidishe kwa 8. Utapata 871,800. Jumla ya kura inapanda hadi 13,092,853, na kura zile zile 6,173,433 zinashuka hadi asilimia 47.15. Kwa mbinu iliyotumiwa na tume siku hiyo ya kuhesabu kura zilizokataliwa ndani ya jumla, taifa lingeelekea kwenye duru ya pili.

Bila shaka kosa hilo halikuingia katika matokeo ya mwisho, kwa sababu hayo yalijumlishwa kutoka kwenye fomu. Vilevile, Mahakama ya Juu katika uamuzi wake wa Machi 30, 2013 ilisema kura zilizokataliwa hazifai kuhesabiwa wakati wa kutafuta asilimia ya mshindi. Hata hivyo, somo linabaki pale pale. Alama moja ya kuzidisha, mahali isipostahili, ilitosha kugeuza ushindi wa duru ya kwanza kuwa marudio.

Ilipitaje?

Mchoro wa safari

Katika kampuni na idara zinazotengeneza programu kwa makini, hakuna mtu anayeandika msimbo, yaani yale maagizo ambayo tarakilishi hufuata, kisha akauingiza moja kwa moja kwenye mashine zinazowahudumia wananchi. Msimbo husafiri. Una vituo vyake vya ukaguzi kama lori litokalo Isebania kuelekea Kisumu, na kila kituo kina haki ya kulizuia. Wataalamu huichora safari hiyo kwenye ukuta ili kila mhusika ajue mzigo umefika wapi. Kwa kurahisisha, mchoro wenyewe huwa hivi:

```
MWANDISHI WA MSIMBO
   |
   v
HAZINA (git commit) -> JICHO LA PILI
   |
   v
KUJENGA KIFURUSHI KIMOJA + ALAMA YAKE
   |
   v
JARIBIO 1: kipande kimoja kimoja
   |
   v
JARIBIO 2: simu -> seva -> skrini
   |
   v
JARIBIO 3: mazoezi ya nchi nzima
   |
   v
LANGO LA IDHINI (sahihi za watu)
   |
   v
VITUO VICHACHE -> VITUO VYOTE
   |
   v
UANGALIZI --(kasoro)--> KURUDI NYUMA
```

Hatua ya kwanza ni mwandishi kuikabidhi kazi yake kwenye hazina. Amri ya `git commit` anayoiandika huacha kumbukumbu yenye jina lake, saa, maelezo ya alichobadilisha, na namba ya utambulisho ya badiliko hilo. Kuanzia hapo hakuna mstari usio na mwenyewe. Mtu wa pili huusoma kabla haujaunganishwa na kazi ya wengine.

Wanahabari hawahitaji kuelezwa hilo kwa kirefu. Taarifa ya mwandishi aliye Migori haiendi mtamboni moja kwa moja. Hupitia kwa mhariri wa habari, ikaletwa kwetu tunaoisafisha, kisha mkubwa wa zamu akaitia sahihi. Mwandishi huwa haoni kosa lake mwenyewe kwa sababu macho yake husoma alichokusudia kuandika, si alichokiandika. Ndivyo ilivyo kwa mwandishi wa msimbo.

Hatua inayofuata ndiyo inayosahaulika mara nyingi. Msimbo ukishapitishwa hujengwa kuwa kifurushi kimoja, na kifurushi hicho hupewa alama yake ya kipekee, mfano wa alama ya kidole, inayokokotolewa kutokana na yaliyomo. Ukibadilisha herufi moja tu, alama hugeuka kabisa. Kifurushi hicho hicho, bila kujengwa upya, ndicho kinachopaswa kujaribiwa, kuidhinishwa na hatimaye kufanya kazi. Iwapo kilichojaribiwa Juni sicho kilichowekwa kwenye seva Agosti, basi majaribio yote ya Juni ni bure. Alama zikilinganishwa, ukweli hujulikana kwa dakika moja.

Kituo kimoja cha Suna

Tuangalie sasa jinsi kosa la mara 8 lingekamatwa, na jinsi lingeweza kuponyoka hata mbele ya watu waliodhani wamejaribu.

Tuchukue mfano wa kubuni wa kituo kimoja katika eneo bunge la Suna Magharibi. Kuna wapigakura 450 kwenye daftari. Wawaniaji watatu wamepata kura 311, 62 na 9, hivyo kura halali ni 382. Kura zilizokataliwa ni 7. Karatasi zilizotoka sandukuni ni 389. Afisa wa kituo anaziandika tarakimu hizo kwenye fomu, kisha anazituma kwa simu.

Jaribio la kwanza huchukua kipande kimoja cha programu na kukiuliza swali lenye jibu linalojulikana. Ukiingiza 7 kwenye nafasi ya kura zilizokataliwa, ni lazima itoke 7. Ikitoka 56, safari inakatizwa hapo hapo, mwandishi anaarifiwa, na msimbo haupandi ngazi nyingine.

Ni rahisi mno, mtu atasema. Lakini fikiria mjaribu aliyechoka, ambaye kila mara anapojaza fomu ya majaribio huweka sufuri kwenye nafasi ya kura zilizokataliwa kwa kuwa haioni kuwa muhimu. Sufuri mara 8 ni sufuri. Jaribio litapita leo, kesho na keshokutwa, na kila mtu ataona rangi ya kijani kwenye skrini. Ndiyo maana wajaribu wazoefu hupiga marufuku sufuri na tarakimu zinazojirudia. Kila nafasi hupewa namba yake ya pekee, ili ikizidishwa, ikipunguzwa au ikihamishwa kwenda kwa jirani, ionekane.

Uhamisho kwa jirani si jambo la kufikirika tu. Suna Mashariki na Suna Magharibi zilipigiwa kura kama maeneo bunge mawili kwa mara ya kwanza mnamo 2013, baada ya eneo bunge la Migori kugawanywa na idadi ya maeneo bunge nchini kupanda kutoka 210 hadi 290. Katika orodha ya tume, Suna Mashariki ni namba 255 na Suna Magharibi ni 256. Mistari hiyo miwili ikibadilishana nafasi kwenye jedwali, kura za Mashariki zinahesabiwa Magharibi na za Magharibi Mashariki, na jumla ya kaunti haibadiliki hata kidogo. Jaribio linaloangalia jumla ya Migori pekee halitaona lolote. Ni sharti liwepo jaribio linalotuma namba tofauti kutoka kila upande na kudai zionekane zilikostahili.

Jaribio la pili ni la njia nzima: tarakimu inaingia kwenye simu, inapita hewani, inapokelewa na seva, inaandikwa kwenye hifadhidata na kutokea kwenye skrini ya ukumbini. Hapa ndipo makosa ya mpakani hujificha. Kipande cha simu kinaweza kuwa sawa na kipande cha seva kikawa sawa, ila vikatofautiana kuhusu maana ya namba vinayopeana. Maelezo ya tume mwaka wa 2013 yalionyesha kuwa kura za wawaniaji hazikuathirika na tatizo hilo. Ni safu moja tu iliyopotoka. Kosa la aina hiyo halionekani kwa kutazama kila kipande peke yake, sharti ufuate namba moja kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Ni katika hatua hii ambapo huwekwa pia masharti ya kudumu, ambayo programu hujikagua nayo kila wakati, hata siku ya kazi. Sharti la kwanza linalomjia mtu akilini ni kwamba kura zisizidi idadi ya waliosajiliwa. Sharti hilo ni jema, lakini halitoshi. Katika kituo chetu cha mfano, kosa la mara 8 lingefanya jumla iwe 382 na 56, yaani 438. Hiyo bado iko chini ya 450. Programu ingetikisa kichwa na kupitisha. Sharti linalofaa ni la usawa:

```
halali + zilizokataliwa == karatasi_za_sandukuni
382 + 7  == 389   (sawa)
382 + 56 == 389   (zuia, ita binadamu)
```

Kosa lililopona kwenye sharti la kwanza linanaswa na la pili. Msomaji ataona kwamba tofauti kati ya ukaguzi wa maana na ukaguzi wa kujionyesha imo katika kuchagua swali, wala si katika idadi ya majaribio.

Jaribio la tatu ni mazoezi. Mzigo mzima huwekwa kwenye mazingira yanayofanana na yale halisi, kisha vituo vyote hutuma matokeo kwa pamoja, kwa sababu hivyo ndivyo hali huwa jioni ya siku ya kura. Mazoezi yasiyojumuisha mtandao mbovu ni mchezo wa kuigiza. Siku 2 kabla ya kura ya Agosti 8, 2017, tume ilitangaza kuwa vituo 11,155 kati ya 40,883 havikuwa na mtandao wa kasi ya kutosha, na kwamba maafisa wangelazimika kusafiri hadi mahali penye mawimbi ndipo watume. Habari ya namna hiyo hupaswa kujitokeza wakati wa mazoezi ya miezi kadhaa kabla, ili programu ifunzwe kusubiri, kujaribu tena na kutohesabu ujumbe uleule mara mbili unapotumwa upya.

Lango si muhuri

Baada ya majaribio kuna lango. Mashine hujibu iwapo programu inafanya ilichoagizwa. Binadamu ndiye anayejibu iwapo inafaa kutumika leo. Lango la kweli lina mambo matatu. Anayeidhinisha si yule aliyeandika. Anapewa ushahidi wa majaribio pamoja na alama ya kifurushi, wala si ahadi ya mdomo. Na ana uwezo wa kusema la, bila kupoteza kazi yake.

Sheria ya Kenya imejaribu kulijenga lango hilo. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Uchaguzi kinaitaka tume kujaribu, kuthibitisha na kuweka tayari teknolojia angalau siku 60 kabla ya uchaguzi mkuu. Kwa lugha ya wataalamu huo ni muda wa kufunga msimbo: kuanzia siku hiyo hakuna kinachoguswa ila kwa sababu nzito na kwa kupitia mlolongo wote upya.

Ugumu ni kwamba siasa haifungi siku 60 kabla. Mahakama huamuru jina la mwaniaji liondolewe au lirejeshwe wiki chache kabla ya kura. Mtu hushawishika kusema hilo ni badiliko dogo la orodha, si la msimbo, kwa hivyo liingizwe upesi kwa mkono. Hapo ndipo madhara huanzia. Mnamo Agosti 8, 2022, mkesha wa kura, tume iliahirisha uchaguzi wa magavana wa Mombasa na Kakamega baada ya kubainika kwamba karatasi za kura zilikuwa na picha na maelezo yasiyo sahihi. Kura hizo zilipigwa Agosti 29. Karatasi si programu, lakini chanzo cha taabu ni cha ukoo mmoja: maelezo sahihi ya mwaniaji yanapaswa kupitia ukaguzi sawa na ule wa mashine. Orodha ya wawaniaji, jedwali la vituo na namba za maeneo bunge vyote vinastahili kukaa kwenye hazina, kusomwa na jicho la pili na kujaribiwa kama msimbo.

Kuna tahadhari nyingine ambayo nchi hii iliipata kwa njia ya uchungu. Mwishoni mwa Julai 2017, siku chache kabla ya kura, Bw Christopher Msando, aliyekuwa msimamizi wa teknolojia katika tume, alipatikana ameuawa. Mbali na majonzi ya familia na uzito wa uhalifu wenyewe, taifa zima liliingiwa na shaka: alikuwa na funguo zipi, na sasa ziko kwa nani? Lango linalotegemea mtu mmoja humweka mtu huyo hatarini na huwaacha wengine gizani. Mpangilio bora ni ule ambao ufunguo hugawanywa, kwamba katika watu 5 sharti 3 wakubaliane ndipo badiliko lipite, na kila idhini iandikwe kwenye daftari lisilofutika. Kumdhuru mmoja hakumpi mtu mamlaka yoyote, na kuondoka kwa mmoja hakukwamishi kazi.

Daftari hilo lina faida nyingine. Mlalamishi akifika mahakamani, tume haihitaji kuapa kwamba mashine zake ni safi. Hufungua kumbukumbu na kuonyesha nani alibadilisha nini na saa ngapi. Mwaka wa 2017 Mahakama ya Juu iliamuru seva na kumbukumbu zake zifunguliwe kwa kusomwa tu. Amri hiyo haikutekelezwa kikamilifu, na majaji walio wengi walilihesabu jambo hilo dhidi ya tume walipobatilisha uchaguzi wa urais mnamo Septemba 1. Kumbukumbu isiyoonyeshwa ni sawa na kumbukumbu isiyokuwepo.

Kurudi nyuma

Safari yoyote yenye busara hupangwa pamoja na njia ya kurejea. Wataalamu hawaelekei vituo vyote kwa mpigo. Huanza na vichache, wakaangalia, kisha wakasonga. Uchaguzi mkuu haumpi mtu nafasi hiyo, kwa vile vituo vyote hufungwa siku moja. Ndipo chaguzi ndogo zinapokuwa na thamani ya pekee: wadi moja au eneo bunge moja linapojaza nafasi iliyoachwa wazi, programu halisi hupata uwanja halisi, na kasoro ikitokea huwa ya watu wachache.

Kasoro ikigunduliwa, toleo jipya huondolewa na lile la awali, lililojulikana kuwa zima, hurudishwa. Kwa kuwa vifurushi vyote vimehifadhiwa na alama zao, kazi hiyo inaweza kuchukua dakika chache. Kwenye hazina, amri ya `git revert` huongeza badiliko jipya linalotengua lile baya, bila kufuta historia ya kilichotokea.

Lakini kurudisha msimbo hakurudishi takwimu. Hapa wengi hujikwaa. Tuseme kosa la mara 8 lilifanya kazi kwa saa 3 kabla ya kuonekana. Toleo zuri likirejeshwa, vituo vitakavyotuma baadaye vitaandikwa sawa, ilhali vile vilivyotangulia vimekwisha kuandikwa kimakosa. Mtu atasema tugawe kwa 8. Je, tugawe vipi? Namba 56 ya kituo hiki ni 7 iliyozidishwa, au ni 56 halali iliyoingia baada ya marekebisho? Hifadhidata peke yake haiwezi kujibu.

Dawa yake hutayarishwa kabla ya ugonjwa. Ujumbe asilia kutoka kituoni huhifadhiwa kama ulivyofika, bila kuguswa, mahali pake pekee. Hesabu zote hufanywa juu ya nakala. Kosa likijulikana, hesabu hufutwa na kurudiwa kutoka kwa ujumbe asilia kwa kutumia msimbo uliorekebishwa. Anayehifadhi matokeo ya hesabu tu, akatupa ujumbe, amekata daraja alilovukia.

Na ikiwa hata ujumbe asilia unatiliwa shaka? Hapo kinabaki kile ambacho mwaka wa 2013 kiliokoa jahazi: karatasi. Wasimamizi wa Suna Mashariki na Suna Magharibi, kama wenzao kutoka kila pembe ya nchi, walisafiri hadi Bomas na fomu zao. Hiyo ndiyo ilikuwa njia ya kurudi nyuma. Ilifanya kazi, japo kwa gharama ya siku 5 za wasiwasi. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Uchaguzi kiliongezwa baadaye, kikiitaka tume iwe na utaratibu wa ziada wa kutambua wapigakura na kupeperusha matokeo pindi teknolojia inapofeli.

Njia hiyo nayo ina mpaka wake. Katiba, katika ibara ya 138, inataka matokeo ya urais yatangazwe ndani ya siku 7 baada ya kura. Safari kutoka Migori hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 300, na kuna maeneo bunge yaliyo mbali zaidi na yenye barabara mbovu zaidi. Njia ya kurudi nyuma ambayo haijawahi kupimwa kwa saa haiwezi kuitwa mpango. Sharti ijulikane mapema: uamuzi wa kuachana na mitambo unatolewa na nani, kwa kasoro ya kiwango gani, na kabla ya saa ngapi ili siku 7 zitoshe. Uamuzi huo ukiachiwa usiku wa fujo, utatolewa na mwenye sauti kubwa.

Kupunguza kinachoweza kuharibika

Yapo mabadiliko ya maana ambayo yamekwishafanyika. Katika uchaguzi wa Agosti 9, 2022, tume haikumwaga tarakimu kwenye skrini kama ilivyofanya 2013 na 2017. Iliweka picha za Fomu 34A kutoka vituo 46,229 kwenye tovuti ya umma, na kumwachia kila mtu ajumlishe mwenyewe. Vyombo vya habari vilijumlisha, vyama vikajumlisha, na wananchi vilevile.

Kwa mtazamo wa mchoro wetu, tume iliondoa kipande kizima cha njia. Programu inayobeba picha bila kuhesabu chochote haiwezi kuzidisha kwa 8. Inaweza kuchelewa, inaweza kuonyesha picha isiyosomeka, inaweza kuweka fomu ya Suna Mashariki mahali pa Suna Magharibi. Lakini makosa hayo yanaonekana kwa macho, na wakala aliyekuwa kituoni ana nakala ya kulinganisha. Hata hivyo, vyombo vya habari vilivyojumlisha kwa kasi tofauti vilionyesha viongozi tofauti kwa wakati mmoja, na wananchi wakababaika. Hatari haikwisha; ilihama kutoka Bomas hadi kwenye vyumba vya habari, ambavyo navyo vinahitaji majaribio na malango yao.

Kuelekea 2027, basi, maswali ya kuiuliza tume yako wazi na hayahitaji shahada ya sayansi ya tarakilishi. Je, alama ya kifurushi kilichojaribiwa itatangazwa hadharani, ili mawakala wa vyama wailinganishe na kile kitakachofanya kazi usiku wa kura? Majaribio yatatumia tarakimu zipi? Nani ataidhinisha, na je, kuna siku aliwahi kukataa? Ujumbe asilia utahifadhiwa wapi? Zoezi la kurudi kwenye karatasi limechukua saa ngapi?

Mpigakura wa Suna ambaye karatasi yake ilikataliwa mwaka wa 2013 huenda alihesabiwa kuwa watu 8, bila yeye kujua. Jirani yake aliyepiga kura sawasawa alihesabiwa kuwa mmoja. Kwa tume itakayosimamia kura ya 2027, kazi ni kuhakikisha kwamba kosa kama hilo likizaliwa tena linakufa kwenye jaribio la kwanza, miezi kadhaa kabla ya mtu yeyote kupanga foleni.